Rede ya Darasa Zima

Rede ni mchezo ambao mtoto wa Tanzania hafundishwi na mtu mzima. Anaukuta uwanjani. Warushaji wawili wanasimama, mmoja huku na mmoja kule, wengine wanaingia katikati, na mpira wa matambara unaanza kupita huku na huku ukiwatafuta. Kenya wanauita kati. Sheria zake hutofautiana mtaa kwa mtaa, na namna moja inayopendwa ni ile ya chupa: walio katikati wanakwepa mpira na papo hapo wanajaza mchanga kwenye chupa. Chupa ikijaa kabla hawajapigwa wote, wameshinda.

Tuuchukue mchezo huu tuuingize kwenye kipindi cha michezo cha darasa la nne lenye wanafunzi 48. Yumo msichana anayetumia kiti mwendo. Yumo mvulana mwenye ualbino na uoni hafifu, mvulana kiziwi, na msichana mwenye ulemavu wa akili. Wamo pia mabingwa wawili watatu ambao kuwapiga kwa mpira ni kazi ya nusu saa. Mwalimu ana dakika 40, uwanja wa udongo, na mipira ambayo watoto wameifunga wenyewe kwa nguo kuukuu na soksi.

Kabla ya kumfikiria mtoto yeyote, autazame mchezo wenyewe. Rede ya mtaani humtoa kwanza yule asiyejua. Anayepigwa mapema anakaa pembeni mapema, na bingwa anabaki katikati mpaka mwisho. Mzunguko ukichukua dakika kumi, mtoto aliyehitaji mazoezi kuliko wote huenda amecheza dakika moja. Kasoro hiyo ipo hata katika darasa lisilo na mtoto mwenye ulemavu, na ndiyo inayostahili kurekebishwa kwanza. Marekebisho yake ni mepesi: anayepigwa hatoki. Anakimbilia chupa ya kikundi chake, anamwaga konzi moja ya mchanga, anarudi kucheza. Adhabu imebaki na inauma, lakini hakuna anayegeuzwa kuwa mtazamaji.

Walimu wa michezo wa Uingereza wamezoea kupanga marekebisho ya aina hii chini ya mambo manne: nafasi, kazi, vifaa na watu. Mpango huo unajulikana kwa kifupi kama STEP, na Waaustralia wana wao unaokaribiana nao uitwao TREE. Nafasi ni uwanja: ukubwa wake, umbali, sakafu, mwanga, kelele. Kazi ni lile mtoto analotakiwa kulifanya pamoja na sheria zake. Vifaa ni mpira, chupa, alama za chini. Watu ni nani anacheza na nani, wangapi, na kwa majukumu gani. Sheria ya kumwaga mchanga badala ya kutoka ni badiliko la kazi, na limewagusa wote 48.

Faida ya mpango huu ni kwamba unayageuza macho ya mwalimu. Mwalimu aliyezoea kuuliza mtoto huyu hawezi nini, anaanza kuuliza mchezo huu unamzuia mahali gani. Swali la pili hujibika kwa chaki, kamba na dakika chache za kupanga uwanja. Tena linafundisha kiasi. Tenisi ya viti vya magurudumu huchezwa kwenye uwanja uleule, kwa neti ileile na raketi zilezile za tenisi nyingine. Tofauti kubwa ya kanuni ni kwamba mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili kabla ya kurudishwa. Ruhusa hiyo moja inampa mchezaji muda wa kukizungusha kiti na kuufikia mpira, na tenisi inabaki kuwa tenisi. Mwalimu wa rede naye atafute badiliko dogo kuliko yote linaloweza kuufungua mlango.

Basi tumfuate msichana wa kiti mwendo, kwa sababu habari yake inaonyesha vizuri jinsi mambo haya manne yanavyoshikana.

Mchezaji wa rede humtazama mrushaji usoni, kisha anachupa kushoto au kulia. Kiti mwendo hakichupi kando. Huenda mbele, hurudi nyuma, na hugeuka; basi. Ukimweka msichana huyu akimwelekea mrushaji kama wenzake, umempa njia mbili tu za kwenda, na zote ziko kwenye mstari uleule ambao mpira unapita. Atapigwa kila mara, na watu watasema rede haimfai. Lakini mgeuze robo duara, atazame mstari wa pembeni, warushaji wawe kuliani na kushotoni kwake. Sasa akisukuma mbele au kurudi nyuma anaikata njia ya mpira, na huko ndiko kukwepa. Hujabadilisha kanuni hata moja. Umebadilisha nafasi, tena kwa kumgeuza tu.

Kutokana na hapo, chupa na mchanga navyo vinapata mahali pake. Kwa kawaida vyote hukaa pamoja katikati. Tuvitenganishe: beseni la mchanga liwe kwenye mstari wa pembeni wa upande mmoja, chupa kwenye mstari wa pembeni wa upande wa pili, umbali wa mita nne. Kila mchezaji anachukua konzi ya mchanga, anakatiza njia ya mpira, anamimina, anarudi kuchukua nyingine. Anayekimbia kwa miguu anakatiza, na anayesukuma magurudumu anakatiza vilevile, mbele na nyuma, kwenye ule uelekeo ambao kiti chake kinaumudu. Kazi imekuwa moja kwa wote.

Hapo utagundua tatizo ambalo hukulitarajia. Mkono uliofumbata mchanga hausukumi gurudumu. Yeye apewe bakuli dogo la plastiki la kupakata, achote kiasi kilekile cha konzi moja, alipakate huku akisukuma kwa mikono miwili. Beseni na chupa vilivyo chini navyo hatavifikia bila kuinama sana, na kuinama kwenye kiti mwendo kunaweza kumwangusha. Viinuliwe juu ya dawati au stuli inayofika usawa wa magoti yake, mahali ambapo kiti kinaweza kusogea ubavuni. Chupa ya maji ya nusu lita ikatwe shingo, ili anayemimina kwa haraka asikwame kwenye tundu dogo. Mabadiliko haya ya vifaa yatawasaidia na wengine wasiopenda kuinama, na hakuna atakayeona kwamba yaliwekwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Sakafu ya uwanja ina neno lake pia. Magurudumu madogo ya mbele huzama kwenye mchanga mlaini na kukisimamisha kiti ghafla. Uwanja wake uwe penye udongo ulioshindiliwa, mawe yaokotwe, na mchanga unaomwagika karibu na beseni ufagiliwe kila wanapopokezana zamu. Mwalimu akiona anasukuma kwa kiwiliwili chote badala ya mabega na mikono, ajue ardhi inamshinda, nguvu anazo.

Umbali nao upimwe. Mistari ya warushaji ikiachana mita 8, aliye katikati yuko mita 4 kutoka kwa kila mmoja. Tuseme mpira wa matambara unakwenda mita 8 kwa sekunde: utamfikia kwa nusu sekunde. Anayesimama kwa miguu yake huwa tayari ameshajiinua kwenye vidole, akisubiri. Kiti kilichosimama lazima kwanza kianze kubingirika, na nusu sekunde haitoshi. Ukiisogeza mistari iachane mita 12, mpira unatumia robo tatu ya sekunde. Ongezeko hilo ndilo linalotofautisha kupigwa kila mara na kupigwa mara kwa mara kama mwingine yeyote. Ila kuna mtego. Mrushaji mwenye mkono dhaifu hataufikisha mpira kutoka mita 12, na mchezo utapoa. Kwa hiyo chora mistari miwili kila upande kwa majivu, wa karibu na wa mbali. Mwenye nguvu arushe kutoka wa mbali. Mwenye mkono dhaifu asogee wa karibu. Umbali unafuata mkono wa mrushaji, na msichana anabaki shabaha halali kwa wote.

Neno halali nalisisitiza, kwa kuwa hapa ndipo wema huharibu kazi. Mara nyingi watoto wenyewe, au mwalimu, hupitisha sheria ya huruma: huyu asipigwe. Kuanzia hapo msichana anazunguka uwanjani kama mwenzao lakini hakuna mpira unaomtafuta, na asiyetafutwa na mpira katika rede hachezi rede. Njia ya kuligundua hilo ni kuhesabu. Simama pembeni kwa dakika mbili, usimtazame yeye, watazame warushaji. Wamemlenga mara ngapi, na wamewalenga wenzake mara ngapi? Hesabu yake ikiwa sifuri, badiliko ulilofanya limemtoa mchezoni hata kama anatabasamu. Dawa yake ni kukubaliana mapema jinsi anavyopigwa. Kwa watembea kwa miguu mpira uhesabiwe ukigusa chini ya magoti. Kwake uhesabiwe ukigusa gurudumu kubwa. Mpira mlaini ukigonga gurudumu haumuumizi, na shabaha hiyo ni kubwa kiasi cha kumfanya ajitahidi kweli kukwepa.

Kwa mvulana mwenye ualbino, kazi kubwa ni ya mwanga. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na macho yanayosumbuliwa na jua kali, na ngozi yao huungua upesi. Mwalimu aanze na saa. Kipindi cha michezo kinachopangwa saa mbili asubuhi kina jua la upole kuliko cha saa sita mchana. Kama ratiba haibadiliki, uwanja wake uhamie kwenye kivuli cha mwembe au cha ukuta wa darasa, naye avae kofia ya ukingo mpana na shati la mikono mirefu. Kisha atazame uelekeo. Asubuhi jua liko mashariki na chini, na mstari wa urushaji ukienda mashariki hadi magharibi, mrushaji mmoja anatokea ndani ya mwanga. Mpira wake hauonekani hata na mwenye macho mazima. Mstari ugeuzwe uende kaskazini hadi kusini, jua libaki ubavuni kwa wote. Hakuna gharama yoyote, na darasa zima litadaka vizuri zaidi.

Baada ya nafasi ndipo vifaa. Mpira wa matambara ya kahawia juu ya udongo wa kahawia hauonekani. Ufungwe kwa nje na kitambaa cha rangi inayopingana na ardhi, kwa mfano buluu iliyoiva juu ya udongo mwekundu, au njano kwenye udongo mweusi. Ndani yake zifungwe kokoto chache kwenye kopo dogo, na nje kopo lizungushiwe matambara ya kutosha ili lisimuumize mtu. Mpira uviringishwe chini badala ya kurushwa hewani, maana kopo lililotulia ndani ya mpira unaoruka halitoi sauti, ila linapobingirika hupiga kelele mfululizo. Mchezo wa goliboli, uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya maaskari waliopofuka vitani, hutumia mpira wenye kengele ndani kwa kanuni hiyohiyo. Na katika goliboli watazamaji hunyamaza wakati mpira ukichezwa, jambo ambalo mwalimu husahau. Ukiuweka uwanja wenye mpira wa sauti katikati ya viwanja vingine vitano vinavyopiga yowe, umetengeneza kifaa kisicho na kazi. Uwekwe pembezoni, karibu na ukuta, mbali na wengine.

Mvulana kiziwi anahitaji kidogo tu, lakini hicho kidogo ni cha lazima. Katika rede mpira hutoka pande mbili, na anayesikia huonywa na sauti za wenzake kwamba wa nyuma ameshadaka. Yeye hana onyo hilo. Kanuni moja inatosha: mrushaji ainue mkono wenye mpira juu ya kichwa kabla ya kurusha, na mrushaji wa upande wa pili ainue mkono mtupu kumwonyesha kwamba mpira uko kwa mwenzake. Mwisho wa zamu uonyeshwe kwa kupepea kitambaa chekundu pamoja na filimbi. Kama anatumia Lugha ya Alama, wenzake wa kikundi wajifunze kutoka kwake ishara tano sita za mchezo kabla ya kuanza.

Msichana mwenye ulemavu wa akili huelemewa na wingi wa maelekezo. Kukwepa, kuchota, kumimina, kumwaga ukipigwa: ni mambo manne kwa pamoja. Aanze na moja, kuchota na kumimina, akiwa na mwenzake anayemtangulia kufanya kila hatua mbele ya macho yake. Maneno machache, vitendo vingi. Akishika, linaongezwa la pili. Na huyu mwenzake achaguliwe kwa kupokezana. Rafiki mmoja wa kudumu huishia kumfanyia kila kitu, na utaliona hilo pale mkono wa rafiki unapofika kwenye bakuli kabla ya wake.

Sasa watu kwa ujumla. Wanafunzi 48 wagawe katika viwanja sita vya watu wanane: wanne katikati, na warushaji wanne, wawili kila upande. Rede ya mtaani ina mrushaji mmoja kila upande, na mpira ukimpita anaukimbilia mbali huku wengine wakisubiri. Wawili hupunguza kungoja huko. Zamu iwe dakika tatu, kisha wa katikati na wa pembeni wabadilishane. Kwa dakika 40, ukiondoa kupanga uwanja, kupasha mwili na kukusanya vifaa, kila kikundi kitapata zamu nne hivi, mbili katikati na mbili kwenye mistari. Usiwakusanye watoto wote wanne tuliowataja kwenye uwanja mmoja ili iwe rahisi kuwaangalia. Marekebisho yao yanagongana: anayehitaji ukimya na mpira wa chini hafanani na anayehitaji mistari ya mbali.

Mabingwa nao wana haki yao. Mambo haya manne hufanya kazi ya kuongeza ugumu kama yanavyofanya ya kupunguza. Bingwa apewe chupa isiyokatwa shingo, arushe kwa mkono asiouzoea, au akatize uwanja akiwa ameshikana mkono na mwenzake. Mwalimu anayewarekebishia walio nyuma peke yao atashangaa kuona vurugu zikianzia kwa walio mbele, na chanzo chake ni kuchoshwa na kazi nyepesi.

Kosa linalorudiwa na walimu wengi wapya katika mpango huu ni kubadilisha vyote kwa mara moja: uwanja mpana, mpira mpya, sheria mpya, vikundi vipya. Mchezo ukienda vibaya hawajui kilichouharibu, ukienda vizuri hawajui kilichousaidia. Badilisha kimoja, tazama zamu mbili, andika kwenye andalio la somo, ndipo uguse kingine. Herufi nne za mpango si ngazi ya kupandwa kwa mpangilio. Tulianza na kazi kwa darasa zima, na nafasi kwa msichana wa kiti mwendo na mvulana mwenye ualbino, kwa sababu huko ndiko mlango wa kila mmoja ulikofungwa. Na anayejua zaidi mahali ulikofungwa ni mtoto mwenyewe. Muulize faraghani kabla ya kipindi, swali la kawaida tu: katika rede, ni kitu gani kinakukera? Huenda akataja jambo ambalo halikukujia kabisa, kwamba vumbi linamwingia machoni, au kwamba hapendi kusukumwa kiti bila kuombwa ruhusa.

Kuna mambo ambayo mpango huu hauyafikii. Hauwezi kukuambia kama mtoto ana kifafa, ana tatizo la moyo, au ana vidonda vinavyotokana na kukaa muda mrefu kwenye kiti. Hayo ni ya kumuuliza mzazi au mhudumu wa afya kabla ya kupanga chochote. Wala hautengenezi njia kutoka darasani hadi uwanjani. Kama kuna ngazi tatu na hakuna mteremko, msichana wetu atachelewa kufika hata rede ikiwa imepangwa vizuri kiasi gani.

Baada ya wiki mbili au tatu, mwalimu aanze kuondoa. Ajaribu zamu moja bila mwenzake wa kumtangulia msichana mwenye ulemavu wa akili. Huenda hamhitaji tena. Airudishe mistari ya warushaji mita moja moja, kwa kuwa mabega ya msichana wa kiti mwendo yameshaijua kazi na anaanza kubingirika mapema kuliko mwanzo. Mkono wa mrushaji unaoinuliwa kabla ya kurusha ubaki, maana kiziwi hataanza kusikia. Dawati lenye beseni libaki, na mstari wa kaskazini hadi kusini ubaki. Mpira wa kokoto utengenezwe mwingine, kwa sababu kwa matumizi ya viwanja sita matambara ya nje huanza kufumuka baada ya vipindi vichache, na kopo likijitokeza mpira huo hautakiwi tena uwanjani.